Ujumbe kabla simu haijazima

MacroDroid ni programu ya Android inayoiwezesha simu kutekeleza kanuni aliyoiweka mwenyewe. Kila kanuni ina kichocheo, yaani tukio linaloiamsha, na kitendo kinachofuata. Binti anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya anaweza kuchagua kichocheo cha `Battery Level`, kiwango kikishuka hadi asilimia 15, na kitendo cha `Send SMS`. Kisha huweka namba ya mama yake na maneno haya: “Mama, chaji inakwisha. Nikizima usihofu, nitapiga nikifika.” Asilimia 15 inafaa kuliko 3, kwa kuwa betri iliyochakaa huweza kuzima ghafla, na mama anahitaji nafasi ya kupiga.

Kichocheo huamka chaji inapovuka kiwango ikishuka. Kanuni iliyowekwa chaji ikiwa 12 husubiri hadi simu ichajiwe na kushuka tena. Ujumbe pia hauondoki bila salio au kifurushi cha SMS, wala pasipo mtandao. Kikwazo kinachosumbua zaidi ni simu yenyewe kuifunga programu ili kuokoa chaji. Hivyo MacroDroid iruhusiwe kutumia betri bila kizuizi. Kuijaribu, kiwango huwekwa chini kidogo ya chaji iliyopo, kisha mama huulizwa kama ujumbe umefika.