Ameelewa, Tutajuaje?

Fungua muhtasari wa kozi ya chuo kikuu, na aghalabu hutasoma sana kabla ya kukutana na sentensi kama hii: "Mwishoni mwa kozi, mwanafunzi ataelewa vipimo vya takwimu." Hakuna wa kuipinga. Idara inaipitisha, wanafunzi wanaipiga chapa, na mhadhiri anaisahau mpaka usiku wa kutunga mtihani. Hapo ndipo anapogundua kwamba haimsaidii. Haimwambii aulize nini, wala jibu lipi lipewe alama na lipi linyimwe. Basi anatunga maswali anayoyaona yanafaa, na mwenzake anayefundisha mkondo wa pili anatunga mengine kabisa, wote wakiwa chini ya sentensi ileile.

Kilio hiki si kipya. Mwaka 1962 Mmarekani Robert Mager alitoa kitabu kidogo kuhusu uandishi wa malengo ya kufundishia, akataka kila lengo liseme mambo matatu: mwanafunzi atafanya nini kinachoonekana, atakifanya katika mazingira gani, na kiwango gani kitahesabika kuwa kinatosha. Kabla yake, mwaka 1956, Benjamin Bloom na wenzake walikuwa wameshapanga ngazi za ujuzi kuanzia kukumbuka kwenda juu. Kutokana na ngazi hizo zilizaliwa orodha za vitenzi ambazo wahadhiri hugawiwa kwenye semina: eleza, orodhesha, linganisha, tathmini.

Orodha hizo ndizo zinazoharibu kazi. Mhadhiri anafuta "ataelewa", anaandika "ataeleza", fomu inapita, na hakuna kilichobadilika. Aeleze nini, kwa nani, akiwa na nini mkononi? Au anaogopa, anakimbilia kinachohesabika kirahisi: "Ataorodhesha vipimo vitatu vya takwimu." Hapo kipimo kipo, lakini kozi imeshushwa hadhi. Kuorodhesha kunawezekana kwa kukariri asubuhi ya mtihani.

Mimi naona pa kuanzia si kitenzi. Pa kuanzia ni karatasi za mtihani wa mwaka jana. Zitoe kabatini, tafuta majibu ya wanafunzi ambao wewe mwenyewe ungesema hawakuelewa, kisha jiulize: huyu alikosea wapi ambapo aliyeelewa asingekosea?

Tuchukue hao hao wanafunzi wa takwimu wa mwaka wa kwanza. Wanapewa mishahara ya mwezi ya watu saba wa duka moja, kwa shilingi: 300,000, 300,000, 350,000, 400,000, 450,000, 500,000, na meneja, 4,700,000. Jumla ni milioni 7, kwa hiyo wastani ni milioni 1 kamili. Ukiipanga mishahara kuanzia mdogo, ule wa katikati ni 400,000. Swali la kawaida la mtihani huishia hapo: tafuta wastani. Mwanafunzi anajumlisha, anagawanya kwa saba, anapata alama zote.

Sasa mwulize swali moja zaidi: kijana anayetaka kuomba kazi ya mauzo hapo anauliza wafanyakazi wanalipwa kiasi gani, utamwambia nini? Darasa litagawanyika. Wako watakaoandika kwa ujasiri kwamba wanalipwa kama milioni moja, ingawa watu sita kati ya saba hawafiki hata nusu ya milioni, isipokuwa mmoja anayeigusa nusu yenyewe. Hesabu yao ni sahihi, kosa liko kwenye uamuzi. Wengine watajibu 400,000 na kueleza kwamba mshahara wa meneja umeuvuta wastani juu. Tofauti kati ya makundi haya mawili ndiyo iliyokuwa imejificha ndani ya neno "ataelewa", na swali la kwanza lisingeiona kamwe.

Lakini tahadhari. Kundi la pili nalo linaweza kuwa limekariri kanuni: ukiona namba moja kubwa kupita kiasi, acha wastani. Kuwapima, geuza swali bila kugeuza takwimu. Mwenye duka anafungua tawi lenye watu na vyeo vilevile, anataka kujua atenge fedha kiasi gani za mishahara kwa mwezi. Hapa namba ya katikati itampoteza: 400,000 mara saba ni milioni 2.8, ilhali anadaiwa milioni 7. Wastani ndio unaofaa, na meneja yule yule aliyeharibu jibu la kwanza ni lazima awemo. Aliyeelewa atabadilisha kipimo kwa sababu swali limebadilika. Aliyekariri atang'ang'ania kanuni yake.

Baada ya kuona hayo, sentensi inajiandika yenyewe: "Akipewa orodha ya namba zisizozidi 20 ambayo hajawahi kuiona, pamoja na swali la mtu anayehitaji jibu, mwanafunzi atachagua kati ya wastani na namba ya katikati, atakikokotoa kipimo hicho, na atatetea uchaguzi wake kwa kurejea namba zenyewe na haja ya muulizaji." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na ni sawa iwe hivyo. Kila kipande chake kina kazi. Maneno "ambayo hajawahi kuiona" ndiyo yenye uzito zaidi, maana mfano wa duka ukishafanywa ubaoni, kuuleta tena kwenye mtihani ni kupima kumbukumbu, hata kama kitenzi kinasema "atachagua".

Kiwango nacho kisiwe asilimia ya kubandika. "Kwa usahihi wa asilimia 80" ni pambo tu: uamuzi mmoja huukosei kwa asilimia 20. Afadhali kusema alama zitaangukia wapi. Katika swali la alama 10, mhadhiri anaweza kutoa 2 kwa uchaguzi, 3 kwa ukokotoaji na 5 kwa utetezi. Kwa mgao huo, aliyebahatisha kipimo sahihi na kukikokotoa vizuri bila sababu yoyote anabaki na nusu. Mgao ni huo mmoja tu, mwingine atapanga wake, ila uandikwe kabla ya kusahihisha.

Njia ya kujua kama sentensi mpya inafaa ni rahisi. Wape wahadhiri wawili majibu kumi yaleyale, wasahihishe kila mmoja peke yake wakiwa na sentensi hiyo na mgao wa alama. Wakiachana sana kwenye jibu fulani, wasibishane juu ya mwanafunzi, waangalie ni neno gani kila mmoja alilisoma kivyake. Mara nyingi mkosaji ni neno kama "ipasavyo" au "kwa kina".

Kuna mipaka. Mwanafunzi anaweza kuwa ameelewa zaidi ya alichoonyesha katika saa mbili za mtihani, na hakuna sentensi itakayolimaliza hilo. Wala kuelewa hakujapigwa marufuku: Lorin Anderson na David Krathwohl walipoongoza marekebisho ya ngazi za Bloom mwaka 2001, waliliacha neno hilo liwe jina la ngazi ya pili. Linafaa kama jina la tunachokitafuta. Halifai kama maelekezo ya kusahihishia.

Kwa hiyo, mhadhiri, kabla hujapeleka muhtasari wako idarani, andika swali moja la mtihani pembeni ya kila tokeo uliloahidi. Lililokosa swali, liandike upya au lifute.