Mstari Mmoja Kati ya Majengo Mawili

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari kwenye mteremko wa Mlima Meru, pale Nkoaranga. Juu kuna jengo la utawala, lenye ofisi ya mkuu wa shule, mhasibu na chumba cha walimu. Chini yake kuna maabara ya kompyuta, mita 150 hivi ukifuata njia ya kebo. Kila jengo lina swichi yake, na ruta ya intaneti imefungwa huko juu.

Umbali huo unaamua jambo moja mapema. Kebo ya shaba ya mtandao hutegemewa hadi mita 100 tu, kwa hiyo majengo haya yataunganishwa kwa faiba. Faiba isiyo na chuma ndani ina faida nyingine: radi ikipiga karibu, umeme wake hauna waya wa kuufuata kutoka jengo moja hadi jingine.

Sasa tugawe mtandao. Ofisi tunazipa VLAN 10 na maabara VLAN 20, ili kompyuta za wanafunzi zisikae mtandao mmoja na ile yenye hesabu za ada. Mgawanyo ungefuata majengo, kazi ingekuwa rahisi. Lakini mwalimu wa taaluma ana chumba chake palepale kwenye jengo la maabara, na huko ndiko anakoingiza alama za mitihani. Kompyuta yake imechomekwa kwenye swichi ya maabara, ila poti yake lazima iwe ya VLAN 10. Basi ule mstari mmoja wa faiba unabeba mitandao miwili kwa pamoja. Hiyo ndiyo tranki.

Tranki haichanganyi mizigo hiyo. Kwa kanuni ya 802.1Q, swichi inayotuma hubandika kwenye kila fremu ya VLAN hizo mbili lebo ya baiti 4 yenye namba ya VLAN. Swichi inayopokea husoma namba, huondoa lebo, kisha huipeleka fremu kwenye poti za VLAN hiyo tu. Ndiyo maana ramani ya mtandao inayoonyesha mstari mtupu kati ya swichi mbili haijakamilika. Pembeni ya mstari iandikwe: tranki, VLAN 10 na 20, poti fulani hadi poti fulani.

Faida ya maandishi hayo huonekana siku shule inapoongeza kamera za ulinzi, VLAN 30. Kwenye swichi za Cisco, fundi akiingia poti ya tranki na kuandika `switchport trunk allowed vlan 30`, swichi inakubali bila kulalamika. Ila amri hiyo haiongezi. Inafuta orodha ya zamani na kubakiza 30 peke yake. Taa za poti zinaendelea kuwaka kijani. Kompyuta za maabara bado zinaonana zenyewe kwa zenyewe, lakini intaneti imekatika. Ukiwasha upya mojawapo, inajipa anwani inayoanza na 169.254, dalili kwamba imeomba anwani na hakuna aliyejibu. Hapo endesha `show interfaces trunk` kwenye swichi zote mbili, ulinganishe orodha na ramani. Amri sahihi ilikuwa hii:

```
switchport trunk allowed vlan add 30
```

Kubwa zaidi, kama swichi ya chini inasimamiwa kupitia VLAN 10, fundi aliyeko juu ameshajifungia nje. Itambidi ashuke maabara na kebo ya konsoli mkononi.

Inabaki ruta. VLAN mbili hazizungumzi bila ruta kuzipitishia, na ruta yenye kebo moja kwenda kwenye swichi inatosha, mradi kebo hiyo nayo iwe tranki na kila VLAN iwe na lango lake: 192.168.10.1 kwa ofisi, 192.168.20.1 kwa maabara. Hapa wengi huishia njiani. Malango yakishakuwa tayari, ruta hupitisha kila kitu kati ya pande zote mbili, na mwanafunzi anaweza kuifikia kompyuta ya mhasibu kana kwamba hatujagawanya chochote. Lazima katazo liandikwe:

```
ip access-list extended MAABARA
 deny ip 192.168.20.0 0.0.0.255 192.168.10.0 0.0.0.255
 permit ip any any
interface GigabitEthernet0/0.20
 ip access-group MAABARA in
```

Ruta husoma orodha kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana. Ukitanguliza `permit`, katazo halitafikiwa kamwe. Jaribu kwa `ping` kutoka maabara kwenda kompyuta ya mhasibu: isijibiwe, huku intaneti ikiendelea kufunguka.

Orodha hii haikumbuki nani alianza mazungumzo. Mhasibu akituma karatasi kwenye printa ya maabara, ombi la kuanzisha mawasiliano linashuka salama, lakini jibu la printa linazuiwa likipanda, na uchapishaji unakwama. Printa inayotumiwa na pande zote itengewe VLAN yake, nayo ichorwe kwenye ramani na kuongezwa kwenye tranki.