Chumvi inatoka kwanza, maji inafuata
Benzangu ba medisini, glomeruli inachuja litri 180 kwa siku. Juu ya nini tunakojoa litri 1.5 tu? Tubuli ya kwanza inarudisha theluthi mbili hivi ya chumvi na maji. Hapo hakuna fumbo. Mi naona fumbo iko kwa kitanzi cha Henle. Mkono wake unaopanda unatosha chumvi inje lakini hauachilie maji, ndiyo sababu ndani ya figo chumvi inajaa. Mtu akisikia kiu, homoni ADH inafungua milango ya maji kwenye mfereji wa mwisho, ile chumvi inayavuta, mkojo unabaki kidogo na mzito. Mpe furosemidi: pampu ya chumvi inafungwa, ADH inakosa cha kuvutia maji, mgonjwa anakojoa mingi.