Barua ya Kudai: Hasira Itoke, Madai Yabaki

Fundi seremala alitengeneza madawati 60 kwa ajili ya shule moja binafsi. Bei ilikuwa shilingi 95,000 kwa kila dawati, yaani 5,700,000 kwa jumla. Alipewa advansi ya 2,000,000, na salio la 3,700,000 lilipaswa kulipwa ndani ya siku 30 baada ya mzigo wa mwisho kupokelewa. Mzigo huo ulifika tarehe 17 Machi. Sasa ni mwanzoni mwa Juni, hajalipwa, na usiku mmoja amekaa chini akaandika hivi:

"Nyie watu wa shule hii hamna haya. Madawati yangu mnayakalia miezi sasa na hela yangu hamtaki kutoa. Kila nikipiga simu mhasibu wenu mwongo ananiambia wiki ijayo, wiki gani hiyo isiyofika? Mnajifanya eti madawati mabovu, wakati yale matatu nilishayatengeneza na stoo kipa wenu akasaini. Mimi riba ya saccos inanitafuna. Nataka hela yangu yote, siyo kunipa mia mia. Na msinipigie tena habari za makabati. Msipolipa nakuja na gari kubeba madawati yangu, na wazazi wote watajua mlivyo matapeli."

Mfano huu nimeutunga, lakini yeyote anayefanya kazi kwa ankara ameshaandika kitu cha namna hii au ameshakisikia kichwani mwake. Ushauri wa kawaida ni kwamba karatasi hiyo ichanwe, barua ianze upya ukiwa umetulia. Mimi nasema isichanwe. Anayeanza upya akiwa ametulia mara nyingi huandika barua ya adabu isiyodai chochote. Rasimu ya hasira ina kila kitu mtu anachokitaka, ila kimefunikwa na matusi. Kazi ni kukifunua.

Chukua kalamu upige mstari chini ya kila sentensi inayosema unataka nini. Kwa fundi wetu yanatoka madai manne, na mawili kati yake ni rahisi kuyapoteza. La kwanza liko wazi: 3,700,000. La pili ni "yote, siyo mia mia", maana yake hakubali kulipwa kidogo kidogo. La tatu limejificha ndani ya swali la wiki isiyofika: anataka tarehe ya kalenda, tena kwa maandishi. La nne ni makabati. Shule imemwomba atengeneze makabati ya vitabu, naye hataki kuanza kazi mpya kabla deni la kwanza halijalipwa. Yaandike pembeni kwa namba. Barua ikikamilika utayahesabu tena, na yakiwa matatu ujue umekata zaidi ya hasira.

Halafu rudi kwenye matusi yenyewe, maana kila tusi limesimama juu ya jambo lililotokea. Huyo "mhasibu mwongo" alifanya nini hasa? Tarehe 5 Mei alituma ujumbe wa simu kwamba malipo yangefanyika wiki inayofuata, na hayakufanyika. Andika hivyo hivyo, na tarehe yake. Msomaji akishaona ahadi na akaona haikutimizwa, neno "mwongo" halina kazi tena. Tena neno hilo linampa mhasibu nafasi ya kujibu tusi badala ya kujibu deni. Barua nyingi za madai hufia hapo: shule inajibu kwamba imesikitishwa na lugha iliyotumika, na suala la fedha haligusi kabisa.

Yale madawati matatu yanahitaji uangalifu zaidi. Mtu mwenye hasira huyataja kwa kupita, na mtu aliyetulia hushawishika kuyaacha kabisa kwa kuwa yanaonyesha kazi ilikuwa na kasoro. Kuyaacha ni kosa. Shule inayajua, na itayatoa kama sababu ya kutolipa siku ya kwanza ya mabishano. Yaweke wewe mwenyewe, kwa mpangilio wake: madawati matatu yalirudishwa kwa sababu miguu ililegea, yalirekebishwa, yakapokelewa tena tarehe 24 Machi, mtunza stoo akasaini. Kwa sentensi hiyo moja umeufunga mlango ambao wao wangeupitia.

Riba ya saccos inauma, lakini haimo katika makubaliano. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, inaruhusu aliyevunjiwa mkataba kudai hasara, ila iwe ni hasara inayotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, au iliyojulikana na pande zote walipokuwa wakikubaliana. Fundi wetu hakuwahi kuwaambia kwamba mbao angezinunua kwa mkopo. Na ukiisoma rasimu vizuri, hakudai riba ilipwe, alikuwa analia tu. Sentensi hiyo itoke. Kama siku ya makubaliano aliwaambia habari ya mkopo, na ana ujumbe wa kuonyesha, hapo ingebaki kama dai lenye kiasi chake.

Vitisho ndivyo vya hatari kuliko matusi. Madawati yalishauzwa na kukabidhiwa, na kama hamkukubaliana vinginevyo, yameshakuwa mali ya shule hata kama hayajalipwa yote. Anayedai salio anadai fedha. Akienda na gari kuyabeba kwa nguvu anaweza kujikuta yeye ndiye mshitakiwa. Kuwatangazia wazazi kwamba shule ni ya matapeli kunaweza kuzaa kesi ya kashfa, na anayedai 3,700,000 hana haja ya kesi ya pili. Hata hivyo kitisho kisifutwe tu, kwa sababu barua isiyosema nini kitafuata ni rahisi kuwekwa kando. Badala yake iwekwe hatua ambayo kweli unaweza kuichukua na kweli utaichukua. Deni la kiasi hiki liko ndani ya uwezo wa Mahakama ya Mwanzo. Litaje hilo mara moja, mwishoni, bila kupandisha sauti.

Barua iliyobaki ni hii. Juu kuna anwani na tarehe 2 Juni 2025, kisha:

"Mkuu wa Shule,

YAH: DAI LA SALIO LA SH. 3,700,000, ANKARA NA. 014/2025

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule iliagiza madawati 60 kwa Sh. 95,000 kila moja, jumla Sh. 5,700,000, na kulipa advansi ya Sh. 2,000,000. Nilikabidhi madawati 40 tarehe 10 Machi na 20 tarehe 17 Machi. Madawati matatu yalirudishwa kwa sababu ya miguu kulegea. Niliyarekebisha na shule iliyapokea tarehe 24 Machi. Hati zote za kupokelea mzigo zimesainiwa na mtunza stoo, na nakala zimeambatishwa.

Kwa makubaliano yetu, salio la Sh. 3,700,000 lilipaswa kulipwa ifikapo tarehe 16 Aprili. Tarehe 5 Mei mhasibu wa shule alinijulisha kwa ujumbe wa simu kwamba malipo yangefanyika wiki iliyofuata. Hadi leo shule haijalipa.

Nadai shule ilipe Sh. 3,700,000 zote kwa mkupuo mmoja, kabla au ifikapo Jumatatu tarehe 16 Juni 2025, kwa akaunti iliyo kwenye ankara. Nahitaji pia jibu la maandishi ifikapo tarehe 9 Juni likithibitisha siku ya malipo. Kazi ya makabati ya vitabu nitaianza baada ya deni hili kulipwa lote.

Iwapo malipo hayatafanyika kufikia tarehe 16 Juni, nitafungua shauri la madai katika Mahakama ya Mwanzo bila taarifa nyingine."

Hesabu madai: yote manne yapo. Kila sentensi ina tarehe, kiasi au karatasi nyuma yake, na hakuna inayomwambia mkuu wa shule yeye ni mtu wa namna gani.

Tazama kitenzi "nadai". Hapa ndipo waandishi wengi wenye adabu hujiangusha. Lugha yetu ya barua imetuzoesha kuomba: naomba mnifikirie, ningefurahi endapo mtaona inafaa, natumaini ombi langu litakubaliwa. Maneno hayo ni mazuri anapoombwa mtu kitu ambacho si wajibu wake. Deni ni wajibu, na ukiliombea msaada unamwachia mdaiwa aone kwamba kulipa ni hisani ambayo anaweza kuitoa mwezi ujao. Heshima ioneshe kwa "tafadhali" ya mwanzo na kwa kumtaja mtu kwa cheo chake, lakini penye fedha andika "nadai" au "nahitaji". Vivyo hivyo andika "shule haijalipa". Ukiandika "malipo yamechelewa", ni kana kwamba malipo yalikuwa safarini yakakwama njiani, na hakuna mtu wa kuulizwa.

Kuna jaribio dogo la kujua kama hasira imetoka kweli. Fikiria barua hii inasomwa na karani wa mahakama, mtu asiyekujua wewe wala shule. Popote ambapo angeuliza "umejuaje?", pana jambo unalolikisia, kama vile "hamtaki kulipa". Nia yao huijui, unachokijua ni kwamba hawajalipa. Maneno "kila siku", "kamwe" na "makusudi" kwa kawaida hukwama kwenye jaribio hilo, nayo yakitoka barua inakuwa kali zaidi.

Chapa nakala mbili. Ipeleke mwenyewe ofisini, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe na saini. Wakikataa kugonga, itume kwa rejista posta na utunze risiti. Picha ya barua kwenye simu ya mhasibu inaweza kufuata, lakini isiwe ndiyo barua.

Inawezekana siku ya tarehe 16 shule ikaleta 1,000,000 na maneno matamu. Dai la mkupuo mmoja halikulazimishi kuikataa. Pokea, kisha siku hiyo hiyo waandikie kwamba umepokea Sh. 1,000,000 kama sehemu ya deni la Sh. 3,700,000, kwamba salio ni Sh. 2,700,000, na kwamba sharti la kulipa lote liko palepale. Waombe wasaini kukiri salio hilo. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura 89, inatoa miaka 6 ya kufungua kesi ya mkataba, na mdaiwa akilipa sehemu ya deni au akalikiri kwa maandishi yenye saini yake, hesabu ya muda huo huanza upya.