Friji Inapotekenya Mkono

Unashika mlango wa friji ukiwa pekupeku, sakafu imetoka kupigwa deki, na vidole vinahisi vitu kama sindano ndogo zinatembea. Ukivaa ndala, hali hiyo inaisha. Wengi huridhika na ndala. Wengine humwita fundi wa mafriji, ambaye mara nyingi haoni ubaya wowote, na kwa upande wake anasema kweli, kwa sababu friji yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa.

Ndani ya mashine za kufulia na mafriji mengi ya kisasa mna kichujio cha kusafisha umeme. Kapasita zake ndogo zimeunganishwa kutoka waya wa moto na kutoka nyutro hadi kwenye bodi ya chuma. Hupitisha umeme kidogo sana, kama theluthi moja ya miliampia, na mtengenezaji alikusudia umeme huo ushuke ardhini kupitia waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaofungwa kwenye pini ndefu ya plagi. Ethi ikikatika, umeme hauna pa kwenda. Bodi inabaki ikielea kwenye volti 115 hivi, nusu ya 230 za nyumbani, na mwili wako unakuwa ndio njia ya kushukia. Kiasi hicho kidogo hakiui. Lakini kimekwisha kukuambia kwamba ethi haifanyi kazi.

Chukua nyumba moja ya Mbagala niliyoitwa kuikagua. Friji ilikuwa inatekenya, na mama mwenye nyumba alikuwa ameshagundua jambo la maana: mashine ya kufulia ikichomolewa, mtekenyo unapungua. Nilipima kwenye soketi ya jikoni. Kati ya waya wa moto na nyutro palikuwa na volti 228, sawa. Kati ya waya wa moto na ethi, 118. Kati ya nyutro na ethi, 110. Ethi nzima ingenipa karibu 228 kwenye kipimo cha pili na volti chache tu kwenye cha tatu. Testa ya bisibisi isingenisaidia, kwani taa yake huwaka hata kwa umeme mdogo mno.

Vyombo vyote vya nyumba ile vilishirikiana waya mmoja wa ethi, na waya huo ulikuwa umekatwa nje wakati wa kutandaza vitofali vya uani. Ndiyo maana mvujo wa mashine ya kufulia uliongezeka juu ya ule wa friji. Hapa ndipo penye hatari yenyewe: chombo kimoja kikiharibika kweli, bodi za vyombo vyote hushika umeme pamoja, hata cha chumba kingine.

Tulichimbia nondo mpya ya ethi na kuunganisha waya. Kipimo cha ardhi kilionyesha omu 38, kwa kuwa mchanga wa pwani ukikauka haupitishi umeme vizuri. Gawanya 230 kwa 38: unapata ampia 6 hivi. Sakiti breka ya ampia 20 haiwezi kukata kwa ampia 6, wala fyuzi ya 13 iliyo kwenye plagi. Nondo peke yake, basi, iliondoa mtekenyo bila kuleta usalama. Kinachokamilisha kazi ni swichi ya kukata mvujo, ile yenye kitufe kilichoandikwa T na maandishi 30mA, ambayo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ikakata tofauti inapofika miliampia 30.

Kuna mafundi wanaotibu tatizo hili kwa kufunga ethi kwenye nyutro ndani ya soketi. Mtekenyo huisha hapo hapo. Usikubali hata kidogo. Siku nyutro ikikatika kabla ya kufika soketi ile, bodi ya friji itashika volti 230 kamili na hakuna kitakachokata. Kabla ya kuita fundi umeme, wewe chomoa chombo kwa mkono mkavu, kisha tazama kama unatumia adapta ya pini mbili au ekstensheni yenye nyaya mbili tu, kwa sababu hizo huipoteza ethi njiani.

Kule Mbagala, swichi ya kukata mvujo tuliyoifunga ilianza kukata siku ya kwanza, na familia ikataka iondolewe. Tulichomoa vyombo kimoja kimoja. Ilikata kila mashine ya kufulia ilipoanza kuchemsha maji: koili yake ilikuwa imeoza na inavujisha zaidi ya miliampia 30 kwenye bodi. Kabla ya matengenezo, mvujo huo ulikuwa unaweza kupitia mkono wa yeyote aliyeshika friji akiwa pekupeku.