Uso wa Mtoto Ndani ya Mchoro Wake

Mtoto wa miaka mitatu au minne akichora mtu, mara nyingi huanza na duara kubwa. Miguu hushuka moja kwa moja kutoka kwenye duara hilo, na mikono huchomoza pale ambapo sisi tungeweka masikio. Tumbo halipo. Watoto wengi hupitia hatua hii, na mzazi anayetaka kumfanya mwanawe shujaa wa kitabu cha hadithi ana bahati akimkuta bado yuko hapo, kwa sababu duara lile limeshatenga nafasi ya kutosha kuweka uso.

Binti yangu alichora msichana anayemnyang'anya mwewe kifaranga. Mikono ya msichana huyo ni mirefu kuliko sehemu nyingine zote za mwili wake, na mmoja una vidole saba. Nilipomuuliza kwa nini mirefu hivyo, alinijibu kwa mshangao: mwewe yuko juu! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mikono ile ndiyo hadithi yenyewe, na kwamba kazi yangu ni kuingiza uso wake kwenye mchoro bila kugusa kitu kingine chochote.

Siku hizi zipo programu za akili unde zinazofanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Unapakia picha ya mtoto na mchoro wake, unaletewa shujaa mwenye rangi za kupendeza. Kwa kazi hii siziafiki. Mikono mirefu hufupishwa, vidole saba hurudishwa vitano, na uso unaotoka ni wa mtoto anayefanana na wako, lakini siye. Kubwa zaidi, picha ya uso wake imeshaondoka nyumbani na kuhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni usiyoijua, kwa masharti ambayo wengi wetu tunayakubali bila kuyasoma. Mwaka 2024 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba limekuta picha za watoto wa Brazil na Australia ndani ya LAION-5B, mkusanyiko mkubwa wa picha za mtandaoni uliotumika kufundishia mifumo ya akili unde. Baadhi ya watoto hao waliweza kutambulika kwa majina.

Njia ninayoipendekeza inafanyika kwenye kompyuta ya nyumbani kwa programu ya bure iitwayo GIMP, na baada ya kuipakua huhitaji tena intaneti. Anza na mchoro. Ulaze mezani karibu na dirisha mchana, zima taa ya kamera, na shika simu iwe sambamba na karatasi. Ukisimama kati ya dirisha na meza, kivuli chako kitaangukia mchoro na hakitafutika baadaye. Hata ukipiga vizuri, karatasi itatoka ya kijivu badala ya nyeupe. Ndani ya GIMP fungua `Colors > Levels`, chukua kidude cha kuchovya rangi kilichowekwa kwa ajili ya nyeupe, kisha gusa sehemu tupu ya karatasi. Kijivu kitaondoka na krayoni zitang'aa.

Picha ya uso nayo ina masharti yake. Shujaa wa mchoro anatazama mbele, kwa hiyo mtoto naye atazame kamera moja kwa moja. Mpige barazani au chini ya mti, kwenye kivuli kilichotulia, maana jua la saa sita hujaza vivuli chini ya nyusi na pua, na michoro ya watoto haina vivuli. Usimsimamishe mbele ya ukuta mweupe au shuka jeupe. Simu hupima mwanga wa eneo zima, ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na mtoto mweusi hutoka giza kiasi cha macho kutoonekana. Shuka la buluu iliyopauka linafaa zaidi, na kabla ya kupiga gusa uso wake kwenye skrini ili simu ipime mwanga hapo. Avae nguo za nyumbani. Sare ya shule yenye nembo haina kazi katika hadithi ya mwewe, lakini humweleza mtu baki mtoto huyu anapatikana wapi kila asubuhi.

Wengi hukwama kwenye nywele. Ukijaribu kukata kufuata mistari ya nywele zilizosukwa, utapata ukingo uliochakaa. Nywele usizikate kabisa. Kata uso tu, kutoka mwanzo wa paji hadi kidevuni, na uache nywele zibaki zile alizochora mwenyewe kwa krayoni. Binti yangu alijichorea nywele tano zilizosimama kama miale ya jua, na zikiwa juu ya uso wake halisi zinapendeza kuliko msuko wowote.

Sasa panga matabaka. Chini kabisa weka tabaka jeupe, katikati uso, juu mchoro. Tabaka la mchoro libadilishie hali kutoka `Normal` kwenda `Multiply`. Hapo weupe wote wa karatasi unatoweka, mistari ya krayoni inabaki, na uso unaonekana kupitia chini yake. Tatizo ni kwamba mtoto alishachora macho na mdomo ndani ya duara, na sasa vinaonekana kama madoa juu ya uso wake. Kwa hiyo kabla ya kuanza, nakili tabaka la mchoro liwe mawili. Kwenye nakala, paka brashi nyeupe ndani ya duara mpaka macho na mdomo vifutike. Lile la asili usiliguse, utalihitaji kwa sababu nitakayoieleza.

Angalia pia mstari wa duara lenyewe. `Multiply` huongeza giza tu, haiwezi kung'arisha, kwa hiyo krayoni ya njano au ya machungwa ikipita juu ya ngozi nyeusi inamezwa. Punguza uso kidogo uwe ndani ya duara, ili mstari uangukie kwenye weupe. Ukiona pete ya rangi ya shuka kuzunguka shavu, umekata nje mno. Rudi ndani kidogo. Picha ikiwa kubwa kwenye skrini makosa haya hujificha, lakini ipunguze hadi ukubwa wa stempu ya posta na yatajitokeza mara moja.

Kitabu cha kurasa nane kinatoka kwenye karatasi mbili za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini. Kila ukurasa ni A5, na ili uchapike vizuri uwe na pikseli 1748 kwa 2480. Ukurasa wa 8 na wa 1 hukaa upande mmoja wa karatasi ya kwanza, nyuma yake 2 na 7. Karatasi ya pili ina 6 na 3, nyuma yake 4 na 5. Maneno mwache mtoto aseme, wewe andika kama alivyosema. Jina lake kamili, mtaa na shule visiingie. Shujaa wa hadithi anatosha kuitwa kwa jina la utani.

Kuhusu kuonyesha watu, nimeamua kutengeneza matoleo mawili. Toleo la nyumbani lina uso wa picha. Toleo la nje lina lile tabaka la mchoro wa asili, lenye macho na mdomo alivyovichora mtoto mwenyewe. Kubadilisha ni kuzima jicho dogo lililo kando ya tabaka la uso na la nakala iliyofutwa, kisha kuliwasha la asili. Hadithi ni ile ile na mikono ni mirefu vile vile. Hilo ndilo ninaloliweka kwenye stetasi na kwenye kundi la ukoo, ambako wengine ni mashemeji wa mashemeji ambao sijawahi kuonana nao. Hakuna anayelalamika kwamba amepunjwa.

Faili la kazi, lenye kiambishi `.xcf`, lisitoke nyumbani. Ndani yake picha uliyokata inaweza kuwa bado nzima, imefichwa tu, na anayelifungua ataweza kuona kila kilichokuwa nyuma ya mtoto. Cha kutuma kitoe kama JPG, na kwenye dirisha la kutolea ondoa alama ya kuhifadhi Exif. Exif ni taarifa ambazo simu huziandika ndani ya picha: saa, aina ya simu, na kama eneo limewashwa, mahali hasa ilipopigwa. Kwa mtoto aliyepigwa picha barazani, mahali hapo ni nyumbani kwenu.

Mtego wenyewe uko kwenye duka la stesheneri. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za Exif huondolewa, lakini picha pia hupunguzwa ubora, na mchapaji atakwambia: "Itume kama Document." Ana haki, uchapaji utakuwa bora. Ila ikienda kama `Document` huenda vile ilivyo, pamoja na mahali ilipopigwa. Mimi huenda na flashi yenye faili moja tu, PDF iliyotengenezwa kutokana na JPG zilizosafishwa, na huomba ichapwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kunakiliwa kwenye kompyuta ya duka. Ikibidi kutuma kwa simu, simama hapo mpaka faili lifutwe kwenye folda ya `Downloads`, kwenye pipa la taka la kompyuta, na kwenye mazungumzo ya WhatsApp ya duka. Kijana wa stesheneri niliyemwomba hivyo mara ya kwanza alikubali bila shida. Alisema kompyuta ile ina picha za pasipoti za mtaa mzima.

Sheria nazo ziko upande wa mzazi mwangalifu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume inayoisimamia. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2019, hairuhusu kuchakata taarifa za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo mwalimu akipenda kitabu na kutaka kukiweka kwenye ukurasa wa shule, muulize ni toleo lipi, litakaa wapi, na nani ataliondoa siku ukiomba.

Ndugu akiweka toleo lenye uso hadharani, mpigie simu siku ile ile. Usimwandikie kwenye kundi, maana atajiona ameaibishwa mbele ya ukoo na kila mtu atakimbilia kutazama picha yenyewe. Mwambie, "Shangazi, naomba uitoe hiyo, nakutumia nyingine nzuri," na umtumie toleo la nje hapo hapo.

Mtoto naye aulizwe. Wa miaka mitano anaweza kujibu vizuri ukimtajia watu badala ya kumwambia habari za mtandao: Bibi aone? Mwalimu aone? Watu tusiowajua waone? Wangu alikubali Bibi na mwalimu, akakataa wale wa mwisho, kisha akaongeza kwamba mwewe naye asionyeshwe, atajua mahali kifaranga alipofichwa.