Barua ya mwalimu: siku moja bila masomo, na vipindi vitakavyofidiwa

Barua ikisema tu kwamba "kesho hakuna masomo, vipindi vitafidiwa", mzazi bado hajui kitu. Mtoto huitia kwenye begi Jumanne, mama akaikuta Jumatano usiku, na "kesho" ya mwalimu imeshakuwa leo. Kwa hiyo barua nzuri hutaja siku na tarehe kwa pamoja, na huondoka shuleni siku mbili au tatu kabla.

Tuchukue mfano wa shule ya msingi ya kutwa ambayo mashimo ya vyoo vyake yamejaa. Mwongozo wa Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kwa hiyo gari la kunyonya majitaka likifika na vyoo vyote vikafungwa, huwezi kuwaweka watoto pale tangu asubuhi hadi mchana. Mwalimu mkuu anamtaarifu Afisa Elimu Kata, kisha anawaandikia wazazi:

"Ndugu mzazi/mlezi,
YAH: KUSITISHWA KWA MASOMO ALHAMISI, TAREHE 16 JULAI
Siku hiyo vyoo vya shule vitanyonywa na kufanyiwa matengenezo, hivyo wanafunzi wote wabaki nyumbani. Masomo yataendelea Ijumaa, tarehe 17 Julai, saa 1:30 asubuhi kama kawaida. Kwa darasa la tatu hadi la saba, vipindi vinane vya Alhamisi vitafidiwa kuanzia tarehe 20 hadi 30 Julai, kimoja kila siku, Jumatatu hadi Alhamisi. Siku hizo watatoka saa 9:10 alasiri badala ya saa 8:30 mchana. Hakuna malipo. Tafadhali saini kipande cha chini ukirudishe kwa mwalimu wa darasa."

Sababu imetajwa waziwazi. Mzazi asiyeambiwa sababu huitafuta kwa jirani, na uvumi wa ugonjwa shuleni huenea haraka kuliko barua yenyewe. Siku ya kurudi nayo imeandikwa. Ikikosekana, wapo watakaowabakiza watoto hadi Jumatatu, na siku moja iliyopotea itakuwa mbili.

Fidia ndiyo sehemu inayohitaji hesabu. Vipindi vinane vya dakika 40 ni dakika 320, yaani saa tano na dakika ishirini za kufundishwa. Njia nyepesi ni kuwaita watoto Jumamosi na kufuata ratiba ya Alhamisi kama ilivyo, ili kila somo lirudishiwe chake. Lakini Jumamosi Wasabato wana ibada na watoto wengi wa Kiislamu wapo madrasa, kwa hiyo darasa litakuwa nusu, na watakaokosa watakuwa wamepoteza masomo hayo mara mbili. Ijumaa mchana nayo ina swala. Ndiyo maana barua hii imegawa vipindi kwenye siku nane, wiki mbili za siku nne nne, na hesabu inatimia bila kubaki.

Kigumu hapa ni kwamba kipindi cha ziada lazima kiwe cha somo lililopotea. Kama Alhamisi ilikuwa na Hisabati viwili na Sayansi viwili, basi vinne kati ya vile vinane ni vya masomo hayo. Shule isipopanga hivyo, mwalimu aliyepo karibu ndiye huingia darasani, na somo la aliyekuwa na udhuru hubaki nyuma ya azimio la kazi hadi mwisho wa muhula.

Darasa la kwanza na la pili hawamo kwenye mpango huu, na ni sawa. Vipindi vyao ni vya dakika 30, na mtoto wa miaka sita au saba akibakizwa hadi alasiri atasinzia. Mwalimu wao huingiza kazi ya Alhamisi katika maandalio ya masomo ya wiki inayofuata. Barua yao ikabidhiwe mkononi kwa anayewachukua, maana ndio wanaoweza kufika kwenye geti lililofungwa huku mzazi ameshaenda kazini.

Neno "hakuna malipo" halikuwekwa kwa heshima tu. Elimumsingi katika shule za umma haitozwi ada tangu Januari 2016, na kufidia kipindi kilichositishwa na shule si twisheni. Ukiombwa hela kwa ajili hiyo, uliza kwa mwalimu mkuu.

Rudisha kipande ulichosaini, umwambie mtoto atachelewa kurudi kwa siku zipi, na umpangie namna ya kufika nyumbani. Kama fidia ya Hisabati imepangwa Jumatatu ya tarehe 20, fungua daftari lake jioni hiyo: ziwepo kazi mbili, ya kipindi cha kawaida na ya kipindi cha fidia. Ukikuta moja, mwone mwalimu wa darasa wiki hiyohiyo.